Tangi la Juu ya Paa na Bomba Lake

Maji ya mabomba kisiwani Pemba hutolewa na Mamlaka ya Maji Zanzibar, na kwa sehemu kubwa hupampiwa kutoka ardhini. Katika mitaa ambayo maji hutoka kwa zamu, nyumba huhitaji akiba. Wengi huanza kwa kuuliza ukubwa wa tangi, lakini swali la kwanza ni hili: je, bomba litaweza kulijaza?

Ichukuliwe nyumba ya watu 7 mjini Wete, yenye paa la zege. Kila mtu akitumia lita 60 kwa siku, nyumba hutumia lita 420. Maji yakija mara moja kila siku 2, akiba inayohitajiwa ni lita 840. Kwa hiyo tangi la lita 1,000 linatosha.

Sasa upimwe msukumo. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga hufungwa kwenye bomba la uani, kisha ncha yake huinuliwa ukutani mpaka maji yasimame. Kipimo kifanywe saa ambazo majirani nao wanateka, kwa kuwa hapo ndipo msukumo hupungua. Tuseme maji yanasimama mita 6 kutoka chini, nayo mdomo wa tangi uko mita 5. Basi imebaki mita 1 tu ya kuyasukuma maji bombani.

Ikiwa bomba lina urefu wa mita 60 na upana wa nusu inchi, mita hiyo moja hupitisha takriban lita 4 kwa dakika. Maji yakitoka kwa saa 3, zitaingia lita 720. Kila zamu hupungua lita 120, na tangi halijai kamwe. Kununua tangi la lita 2,000 hakuongezi hata tone, na kuliinua kwa mita moja zaidi kutayazuia maji kabisa.

Dawa ni bomba la robo tatu inchi. Maji hukwaruzana na kuta za bomba, na bomba jembamba huyazuia zaidi; kipenyo kikiongezeka kwa theluthi moja, maji yanayopita huwa takriban maradufu. Lita 840 zitaingia kwa muda usiofika saa 2, na ziada itafidia hasara ya viungo na ya koki ya boya.

Kasoro hugunduliwa kwa ndoo. Ndoo ya lita 10 ikichukua dakika mbili na nusu kujaa kwenye mdomo wa tangi, maji yanaingia lita 4 tu kwa dakika.

Mwisho, lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Tangi likae juu ya makutano ya kuta, wala si katikati ya zege.