Simu Isemapo Kiarabu Sokoni Nyakoe

Juzi nilipita katika soko la Nyakoe, lililo kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Kisumu, nikamkuta mwanafunzi wa kidato cha tatu ameinamia simu ya mkononi huku jasho likimtiririka. Kando yake alisimama mama mmoja auzaye ndizi, kitambulisho mkononi. Binti wa mama huyo anafanya kazi Riyadhi, na simu hiyo aliitumia mwenyewe kabla ya kumletea mamaye. Mama alitaka kufungua akaunti ya kupokelea fedha ambazo bintiye humtumia. Kampuni yenye akaunti hiyo ilitaka picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, kisha picha ya uso wake mwenyewe. Taabu ni kwamba maagizo yote yalikuwa kwa Kiarabu, na pale hapakuwa na mtu aliyekijua.

Kijana yule hakuwa mjinga. Alikuwa amegundua jambo ambalo wengi huligundua, kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji lugha. Mstatili ukitokea kwenye skrini, kitambulisho huingizwa ndani yake hadi pembe zake nne zionekane. Duara likitokea, huingizwa uso. Mshale ukielekea kulia, kichwa hugeuzwa. Kugeuza kichwa huko si mchezo: mashine yataka kuhakikisha kwamba mbele ya kamera yuko mtu aliye hai, si picha iliyobandikwa ukutani. Hata picha ya kwanza ilipokataliwa, kijana alielewa. Plastiki ya kitambulisho ilikuwa ikimetameta juani na kuyafunika maandishi. Akaingia kivulini, akakilaza kitambulisho juu ya ubao mweusi, picha ikakubaliwa.

Ajabu ni kwamba akaunti ilikataliwa baada ya hapo. Kijana alidhani picha ndiyo mbaya, akairudia. Ikakataliwa tena. Akairudia mara ya tatu, na maandishi mekundu yakajaa skrini. Akaunti ilikuwa imefungwa hadi kesho yake.

Hapa pana funzo la kwanza. Kwa kawaida, picha ikiwa na kasoro, mashine hulalamika papo hapo, kamera ingali wazi. Ikizipokea picha zote kwa utulivu kisha ikakataa mwishoni, kuna uwezekano mkubwa kwamba kosa halimo katika picha bali katika maelezo yaliyojazwa. Kupiga picha nyingine hapo ni sawa na kumfua nguo mtu mwenye homa.

Nilimwomba kijana anionyeshe alivyojaza. Mama alizaliwa mwaka wa 1970. Katika orodha ya miaka, kijana alikuwa amechagua ulioandikwa hivi: ١٩٦٥. Mtazame vyema, msomaji. Tarakimu mbili za kwanza zafanana na 1 na 9 tulizozizoea, nazo ndizo hasa. Ya tatu yafanana na 7 yetu, na ya nne yafanana kabisa na sifuri. Nani asingesoma 1970? Kumbe katika tarakimu zitumikazo Uarabuni, ٦ ni sita na ٥ ni tano, ilhali sifuri ni nukta tu, ٠. Mwaka wa 1970 huandikwa ١٩٧٠. Kijana alikuwa amemzeesha mama yule kwa miaka mitano. Nyuma ya kitambulisho chetu pana mistari ya herufi na tarakimu iliyokusudiwa kusomwa na mashine, na tarehe ya kuzaliwa imo. Mashine iliona 70 kwenye kadi na 65 kwenye fomu, ikakataa. Ilikuwa na haki ya kukataa.

Fauka ya hayo, Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na programu zilizotengenezwa kwa lugha hiyo hugeuza mpangilio mzima. Kitufe cha kuendelea huhamia kushoto, na mshale wa kurudi nyuma huhamia kulia. Kijana alikuwa amerudi nyuma mara kadhaa akidhani anasonga mbele.

Je, dawa ilikuwa kukijua Kiarabu? La hasha. Programu nyingi hufuata lugha ya simu yenyewe, na simu ile ilikuwa bado Uarabuni kilugha ingawa mwili wake ulikuwa umefika Gusii. Tulifungua mipangilio ya simu, ambayo alama yake ni gurudumu lenye meno, tukatafuta sehemu ya lugha, ambayo mara nyingi huwekewa alama ya dunia. Humo kuna jambo jema: kila lugha huandikwa kwa jina lake lenyewe. Kiarabu ni العربية, na Kiswahili ni Kiswahili, hata katika simu isiyosema neno jingine unalolijua. Tulikichagua. Simu ikageuka, lakini programu ile, isiyokuwa na Kiswahili, ikaangukia Kiingereza. Kijana alifurahi. Mama hakupata nafuu yoyote.

Nami nikayaona yaliyokuwa yamefichika. Kabla ya kamera kufunguka, palikuwa na visanduku viwili, na kijana alikuwa ametia alama katika vyote. Cha kwanza kilikubali kwamba picha zitumiwe kumtambua mama. Hicho kilikuwa cha lazima. Cha pili kilikubali kwamba picha hizo zihifadhiwe na kugawiwa kampuni nyingine kwa shughuli za baadaye. Hicho kilikuwa cha hiari, na mtu angeweza kukipita. Nilimuuliza mama kama alikubali. Akajibu, "Mwalimu, mimi nimekubali nini? Ni mtoto amebonyeza."

Mshale huweza kueleweka bila lugha. Ridhaa haiwezi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na itokane na mtu kuelezwa anachokubali. Sheria hiyo hiyo yampa haki ya kuiondoa wakati wowote. Tumekwisha kuona mambo yanavyokuwa haya yakipuuzwa. Mwaka wa 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na kampuni ya Worldcoin, wakiahidiwa sarafu za kidijitali. Mnamo Agosti mwaka huo serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Nywila ikiibwa hubadilishwa. Uso haubadilishwi.

Kampuni ziwekazo Kiarabu kwa ajili ya wateja wa Riyadhi haziwezi kudai kwamba zimeshindwa kuweka Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini hadi siku hiyo ifike, mkalimani wa kijijini ni mwalimu au mwanafunzi. Basi na afanye kazi ya mkalimani. Abadilishe lugha kwanza, kabla ya kugusa kamera. Asome kila kisanduku, akieleze kwa Ekegusii, kisha ampe mwenye kitambulisho simu yake.

Kesho yake asubuhi tulirudi. Mwaka ulichaguliwa sawasawa, na mama akaelezwa habari za visanduku. Kimoja akakibonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Cha pili alikitazama kwa muda, akakiacha kitupu. Akaunti ilifunguka kabla ya mteja wa kwanza kuuliza bei ya ndizi.