Unamwomba bosi wa zamani awe mdhamini wako? Andika hivi

Tangazo la kazi likitoka, mara nyingi huomba majina na nambari za simu za watu wawili au watatu wanaoweza kueleza jinsi mwombaji anavyofanya kazi. Hao ndio wadhamini. Kwa mkaazi wa Rukanga aliyewahi kuajiriwa katika hoteli ya watalii, karakana au duka mjini Voi, mdhamini wa kwanza huwa ni aliyekuwa msimamizi wake. Wengi hukosea katika ujumbe wanaomtumia.

Kwanza, tofautisha mambo mawili. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokwisha, isipokuwa aliyefanya kazi kwa chini ya wiki nne mfululizo. Cheti hicho huonyesha jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa. Hiyo ni haki yako. Hata hivyo, kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa barua au maelezo kuhusu tabia na utendakazi wako. Hiyo ni hisani, na hisani huombwa.

Tuchukue mfano wa kijana aliyekuwa karani wa stoo katika hoteli. Ameona nafasi ya kazi Voi, naye anamwandikia meneja wake wa zamani hivi:

"Bosi niaje. Nimekuweka refarii kwa job fulani. Wakipiga sema poa. Asante."

Meneja hajui nani ameandika, kwa kuwa nambari si ile aliyoihifadhi. Hajui ni kazi gani wala nani atapiga. Tena, jina lake limeshatumika kabla ya kuulizwa. Simu ikilia, huenda akasema, "Simkumbuki vizuri." Jibu hilo laweza kumharibia mwombaji kuliko kukosa mdhamini kabisa.

Ujumbe uleule ukiandikwa vizuri huwa hivi:

"Habari za asubuhi, Bwana Meneja. Natumaini wewe na familia hamjambo. Mimi ni (jina kamili), niliyekuwa karani wa stoo chini yako kuanzia Januari 2022 hadi Machi 2024. Naomba kazi ya mtunza stoo katika duka la jumla hapa Voi, na maombi yanafungwa Ijumaa ijayo. Naomba ruhusa yako niandike jina na nambari yako kama mdhamini. Ukikubali, huenda wakakupigia wiki inayofuata kuuliza kuhusu utunzaji wa rekodi na uaminifu wangu katika kuhesabu bidhaa kila mwisho wa mwezi, kazi uliyoisimamia mwenyewe. Ikiwa haitawezekana, nitaelewa. Asante sana."

Ikiwa meneja ni mtu mzima kwako, anza kwa "Shikamoo". Kisha angalia kilichobadilika. Amejitambulisha kwa kazi na tarehe. Ametaja kazi anayoomba na siku ya mwisho. Amemkumbusha meneja jambo moja ambalo meneja aliliona kwa macho yake, hivyo anaweza kulisema bila kubuni. Mwisho, amemwachia nafasi ya kukataa. Mtu anayekubali shingo upande hutoa maelezo baridi, na anayepiga simu huyatambua.

Hakikisha tarehe zako zinalingana na zile za cheti cha utumishi. Ukiandika miaka mitatu na meneja aseme miwili, utaonekana mwongo hata kama ulikosea tu kuhesabu.

Ukihitaji barua, usiandike, "Mkubwa nitumie barua leo, naipeleka kesho." Mpe angalau wiki moja, na umweleze barua inaandikiwa nani:

"Naomba, ukipata nafasi kabla ya tarehe 20, uniandikie barua fupi kuhusu kazi yangu ya stoo. Nimeambatisha tangazo la kazi na wasifu wangu ili kukurahisishia. Nitakuja kuichukua mwenyewe siku utakayoniambia."

Kama meneja huyo ameondoka hotelini, bado anaweza kueleza alivyokufahamu, lakini hawezi tena kuandika kwa niaba ya hoteli. Barua yenye muhuri wa hoteli iombe kwa anayesimamia ofisi sasa.

Asipojibu, ngoja siku tatu kisha mkumbushe mara moja, kwa upole. Akinyamaza tena, tafuta msimamizi mwingine aliyeiona kazi yako. Usiandike jina lake ukitumaini atakubali baadaye. Na matokeo yakitoka, uwe umepata kazi au umekosa, mjulishe na umshukuru, kwani huenda ukamhitaji tena.