Baka Lililosomwa Upya

Daftari la mgonjwa lina maandishi ya siku tatu tu. Mwezi wa kwanza: "Upele mkono, kama shilingi. Fangasi. Krimu wiki 4." Mwezi wa tatu: "Fangasi hazijaisha, zimeongezeka. Krimu ileile, vidonge vya mzio." Mwezi wa sita: "Mabaka meupe mkono na mgongoni. Hayawashi. Aende kliniki ya ngozi."

Mfano huu si wa mtu mmoja. Umeundwa kufuata namna kumbukumbu nyingi za ngozi zinavyoandikwa pale foleni inapokuwa ndefu na mhudumu ana dakika chache kwa kila mgonjwa. Mtu anayeyasoma maandishi hayo bila mgonjwa kuwa mbele yake anapata jina la ugonjwa na jina la dawa, lakini ngozi yenyewe haioni. Mhudumu wa mwezi wa tatu aliikuta "fangasi" imekwisha kuandikwa, akaendelea nayo. Hakuna mahali palipoeleza ni kitu gani hasa kilichomfanya mwenzake aseme ni fangasi.

Kupanga upya kumbukumbu za aina hii ni kuyachukua maneno yaliyomo na kuyaweka chini ya vichwa vinavyojulikana: mahali, ukubwa, umbo, rangi na mtawanyiko. Mbele ya vyote hutangulia aina ya alama. Je, ni doa lililo sawa na ngozi mtu akipitisha kidole, au limeinuka? Lina maji, lina usaha, au ngozi imechimbika ikawa kidonda? Kwa kawaida sentimita 1 ndiyo mpaka kati ya alama ndogo na kubwa. Kipele kigumu kilichoinuka chini ya kipimo hicho huandikwa tofauti na bonge au bamba lililopita hapo.

Utaratibu huu una historia ndefu. Robert Willan, daktari Mwingereza aliyewahudumia maskini wa London mwishoni mwa karne ya 18, aliyagawa magonjwa ya ngozi katika makundi manane kwa kufuata alama inayoonekana kwa jicho, kama vile vipele, magamba, malengelenge, vipele vya usaha na madoa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1808. Shirikisho la kimataifa la vyama vya madaktari wa ngozi lilitoa orodha ya istilahi za alama hizo mwaka 1987, kisha likaifanyia marekebisho mwaka 2016. Katika Afrika Mashariki, kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimewafundisha matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Matabibu hao hurudi kufanya kazi katika maeneo ambako daktari bingwa wa ngozi hapatikani.

Sasa daftari lile lipangwe. Anayefanya kazi hii huanza kwa kuyakata maandishi vipande vipande, kila kipande kikiwa na tarehe yake, ndipo anauliza kila kimoja kinaingia wapi.

"Mkono" unaingia kwenye mahali, lakini hautoshi. Haijulikani ni wa kulia au wa kushoto, ni kiganja, kigasha au karibu na bega, upande wa ndani au wa nje. Maelezo yanayofaa hupima kutoka kwenye kiungo kisichohama, kwa mfano "sm 4 chini ya kiwiko, upande wa nje". Ziara ijayo mtu yeyote atalipata baka lilelile, na akiliona jingine pembeni atajua ni jipya.

"Kama shilingi" inaingia kwenye ukubwa. Hapa vishawishi huanza, kwa sababu kalamu inatamani kuandika "sm 2" na kumaliza. Lakini sarafu zina ukubwa mbalimbali, na mwandishi hakusema alikuwa akifikiria ipi. Kinachofanyika ni kuyaacha maneno yake yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, na kuongeza: "haikupimwa". Pia haifai kuchukua "kama shilingi" na kujaza umbo kuwa duara. Huenda mwandishi alizungumzia ukubwa peke yake.

Mtego mkubwa zaidi upo kwenye neno "fangasi". Kila aliyesoma magonjwa ya ngozi anaijua sura ya fangasi wa mwilini: pete yenye ukingo ulioinuka na wenye magamba, katikati pakiwa pametulia kuliko pembeni. Anayepanga kumbukumbu akishalisoma neno hilo, sura hiyo humjia yenyewe, na mkono unaweza kuandika "umbo la pete, magamba ukingoni" bila yeye kugundua. Hapo maelezo yanakuwa yametolewa kwenye jina la ugonjwa, wakati ilipaswa jina litokane na maelezo. Anayesoma baadaye atadhani kuna mtu aliyeona magamba. Kwa hiyo "fangasi" inapelekwa kwenye sehemu yake, yaani dhana ya mhudumu wa siku ile, na kwenye umbo panaandikwa kuwa hakuna taarifa.

Rangi nayo ina ugumu wake. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na "wekundu" umejaa ndani yake. Kwenye ngozi nyeusi, sehemu iliyovimba kwa ndani inaweza kuonekana ya zambarau, ya kijivu au ya kahawia iliyokolea. Ndiyo sababu rangi huelezwa kwa kulinganishwa na ngozi nzima ya mgonjwa huyohuyo, hasa ile iliyo jirani na alama. "Mabaka meupe" ya mwezi wa sita yanaweza kumaanisha kwamba rangi imepungua tu, au kwamba imetoweka kabisa na ngozi kubaki nyeupe kama ilivyo katika barasi. Tofauti hiyo hubadilisha orodha nzima ya magonjwa yanayofikiriwa. Anayepanga upya hana ruhusa ya kuchagua upande mmoja, kwa hiyo ananukuu na kuweka swali.

Mtawanyiko ndio unaoeleza alama zimekaaje mwilini zikitazamwa zote pamoja. Upele wa wadudu wanaochimba ngozini hupenda katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na sehemu za siri. Mkanda wa jeshi hufuata ukanda wa neva moja, upande mmoja wa mwili. Pumu ya ngozi kwa mtoto mkubwa mara nyingi hukaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kwa mgonjwa wetu panajulikana mambo mawili tu: mwezi wa kwanza palitajwa mkono peke yake, na kufikia mwezi wa sita mgongo nao umeingia. Idadi haipo, na hakuna anayesema kama pande mbili za mwili zinafanana.

Baada ya kazi hiyo, ukurasa mpya unasomeka hivi:

Aina ya alama: "upele" (mwezi 1), "mabaka" (mwezi 6). Kuinuka au kutoinuka hakukuandikwa.
Mahali: "mkono", upande haukuandikwa, mgongoni kuanzia mwezi 6.
Ukubwa: "kama shilingi" (mwezi 1), haikupimwa. Baadaye haukuandikwa.
Umbo: halikuandikwa.
Rangi: "meupe" (mwezi 6). Imepungua au imetoweka?
Mtawanyiko na idadi: "zimeongezeka" (mwezi 3). Idadi haikuandikwa.
Dalili: "hayawashi" (mwezi 6). Hisi ya ngozi haikuandikwa.
Dhana na dawa: fangasi, krimu miezi 1 na 3, matokeo "hazijaisha".

"Haikuandikwa" imejirudia tena na tena, na haipaswi kugeuzwa kuwa "hakuna". Mhudumu anayeandika "hisi: kawaida" kwa sababu daftari halikutaja ganzi ametunga uchunguzi ambao haukufanyika.

Ukurasa huo sasa unaonyesha jambo ambalo mistari ya mwanzo ililificha. Mabaka yenye rangi iliyofifia, yasiyowasha, yanayoongezeka kwa miezi, yasiyosikia dawa ya fangasi, na hakuna aliyejaribu hisi yake: katika nchi ambako ukoma bado upo, hiyo ni sababu tosha ya kumwita mgonjwa arudi.

Kliniki inamchunguza kwenye mwanga wa mchana, nguo zikiwa zimevuliwa kwa staha, mbele na nyuma. Mhudumu anachukua uzi mwembamba wa pamba na kumwonyesha kwanza jinsi atakavyomgusa. Kisha mgonjwa anafumba macho na kuonyesha kwa kidole kila anapohisi kuguswa. Kwenye ngozi nzima anaonyesha bila kukosea. Katikati ya baka la mkono hajibu kitu. Neva inayopita nyuma ya kiwiko cha upande huo inapapaswa, nayo ni nene kuliko ya upande wa pili.

Safari hii maelezo yanaandikwa yakiwa kamili: "Mabaka 7 yasiyoinuka, sm 2 hadi 6. Moja kigasha cha kulia, upande wa nje, sm 4 chini ya kiwiko. 6 mgongoni, pande zote mbili, bila mpangilio. Umbo la yai hadi lisilo na mpango, kingo hazikukatika wazi. Rangi imepungua kuliko ngozi ya jirani, haikutoweka. Uso mkavu, bila magamba. Hisi ya mguso imepotea kwenye baka la mkono, imepungua kwenye 3 za mgongoni."

Baka lililopauka na kupoteza hisi kwa hakika ni mojawapo ya dalili kuu za ukoma. Katika mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani, mwenye mabaka 1 hadi 5 huwekwa kundi la bakteria wachache, na anayezidi mabaka 5 huwekwa kundi la bakteria wengi. Kipimo cha ngozi kikionyesha bakteria, naye huingia kundi la pili hata kama mabaka ni machache. Dawa ni tatu: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Kundi la kwanza hutibiwa miezi 6, la pili miezi 12. Mgonjwa huyu mwenye mabaka 7 anahitaji mwaka mzima, na dawa hizo hutolewa bure. Watu anaoishi nao nyumbani nao huitwa wachunguzwe.

Maelezo hayo yataendelea kutumika muda wote wa matibabu, ila yana mpaka wake. Baka la ukoma linaweza kubaki na rangi yake iliyofifia hata baada ya bakteria kufa na dawa kumalizika, kwa hiyo ukubwa uleule katika ziara ya mwisho hauna maana kwamba tiba imeshindwa. Linalotazamwa ni baka jipya mahali pasipokuwa nalo, baka la zamani lililovimba ghafla, ganzi iliyosogea au vidole vilivyoanza kulegea. Mambo hayo ndiyo hulinganishwa na ukurasa wa kwanza kila mgonjwa anapofika kuchukua dawa za mwezi.