Penisilini Mbili Zinazopakana: Namna ya Kupanga Orodha ya Dawa za Hospitali

Mtoto mchanga wa siku tatu analetwa wodini usiku akiwa na dalili za maambukizi kwenye damu. Tiba ya kwanza inayojulikana ni ampisilini pamoja na jentamisini. Jentamisini ipo, ampisilini imekwisha. Daktari wa zamu anafungua orodha ya dawa za hospitali kutafuta mbadala. Atakachokiona katika dakika hiyo, na atakachokiruka, hutegemea sana jinsi mfamasia alivyoipanga orodha ile miezi kadhaa kabla.

Orodha ninayoizungumzia ni ile inayopitishwa na Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali, inayosema ni dawa zipi hospitali itaziweka, kwa nguvu gani, katika umbo gani, na kwa masharti gani. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na hapa Tanzania tuna orodha ya taifa inayokwenda pamoja na mwongozo wa matibabu. Orodha ya hospitali huchota kutoka ile ya taifa, ikabakiza kile ambacho hospitali hiyo inaweza kukinunua, kukitunza na kukitumia kwa usalama.

Njia ambayo wengi huanza nayo ni kupanga dawa zote kwa alfabeti, tangu A hadi Z. Inaonekana rahisi, lakini hebu tutazame majirani wa ampisilini katika mpangilio huo. Utakutana na amitriptilini ya sonona, amlodipini ya shinikizo la damu, amoksilini ya bakteria, amfoterisini ya fangasi, kisha ndiyo ampisilini yenyewe. Daktari wetu anayetafuta mbadala hana la kumsaidia hapo isipokuwa amoksilini, nayo imekaa karibu kwa bahati tu. Tena, alfabeti peke yake hukusanya mahali pamoja majina yanayofanana kwa macho lakini yenye kazi tofauti kabisa. Jicho lililochoka likishuka mstari mmoja, mgonjwa wa sonona anaandikiwa dawa ya presha.

Ndiyo maana orodha nzuri hugawanywa kwanza kwa makundi ya kazi. Sura moja ni ya dawa za maambukizi. Ndani yake kuna dawa za bakteria. Ndani ya hizo kuna penisilini, sefalosporini, aminoglikosidi na nyinginezo. Kundi linajibu swali la daktari asiyepata dawa aliyoizoea: ni ipi nyingine inafanya kazi inayokaribiana na hii? Alfabeti inaanza kazi ndani ya kundi, nayo hujibu swali dogo zaidi: dawa ninayoijua jina iko wapi kwenye ukurasa huu? Kisha mstari wa dawa yenyewe unajibu swali la tatu: ni chupa ipi hasa, na ni nani anayeruhusiwa kuitumia, kwa njia gani?

Turudi kwa mtoto wetu. Daktari anafungua penisilini, na sehemu ya ukurasa inasomeka hivi. Majina yameandikwa kama yalivyo kwenye boksi, na alfabeti hufuata maandishi hayo hayo. Ndiyo sababu seftriaksoni huitafuta chini ya C.

```
PENISILINI

Ampicillin
  Unga wa sindano: 500 mg, 1 g
  Njia: mshipa au msuli

Benzathine benzylpenicillin
  Unga wa sindano: uniti milioni 1.2, uniti milioni 2.4
  Njia: MSULI TU. USICHOME MSHIPANI.

Benzylpenicillin
  Unga wa sindano: uniti milioni 1 (600 mg),
                   uniti milioni 5 (3 g)
  Njia: mshipa au msuli
```

Mbadala unaotakiwa ni benzilipenisilini, ile ambayo wauguzi wengi huiita X-pen. Ikichanganywa na maji huwa angavu, huingia mshipani, na hutoka mwilini baada ya saa chache, kwa hiyo hurudiwa mara kadhaa kwa siku. Lakini jirani yake wa juu ni benzathini benzilipenisilini. Hiyo ikichanganywa huwa nyeupe na nzito, na imetengenezwa ili ikae ndani ya msuli ikiachia dawa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kwa sababu hiyo inafaa kwa kaswende na kwa kumkinga mwenye homa ya baridi yabisi ya moyo. Ikichomwa mshipani, chembechembe zake zinaweza kusimamisha moyo na kupumua. Ni dawa mbili zenye nusu ya jina moja, zote ni unga ndani ya kichupa, na alfabeti imeziweka bega kwa bega.

Hatuwezi kuvunja alfabeti kwa ajili yao. Orodha inayofuata kanuni leo na kuiacha kesho haiaminiki, na msomaji asiyeiona dawa mahali anapoitarajia atadhani haipo. Kinachowezekana ni kuuvunja ufanano kwenye mstari: neno la kwanza linalotofautisha liandikwe kwa herufi nzito, na sharti la njia likae ndani ya mstari ule ule, si kwenye maelezo ya chini ya ukurasa. Na rafu ya stoo isiige mpangilio wa kitabu. Dawa zinazopakana kwenye karatasi zinaweza, na katika mfano huu zinapaswa, kukaa rafu tofauti.

Sasa tuutazame mstari wenyewe, tukianza na nguvu ya dawa. Kanuni zake ni chache na zote zimetokana na makosa yaliyokwisha kuumiza watu. Andika 5 mg, usiandike 5.0 mg, maana nukta isipoonekana dozi inakuwa mara kumi. Andika 0.5 mg, kamwe usianze na nukta tupu. Neno uniti liandikwe lote, kwa kuwa herufi U iliyoandikwa kwa mkono husomeka kama sifuri. Penisilini inayopimwa kwa uniti ipewe pia uzito wake pale inapopimwa kwa njia zote mbili, kama tulivyofanya kwa benzilipenisilini, ili mtu anayesoma mwongozo uliotumia gramu asilazimike kupiga hesabu ya kubadilisha usiku wa manane.

Umbo nalo lina uzito sawa na nguvu. Amoksilini ya 250 mg inaweza kuwa kapsuli, na inaweza kuwa kidonge cha kuyeyusha kwenye maji kidogo kwa ajili ya mtoto mwenye nimonia. Namba ni ile ile, lakini mtoto wa mwaka mmoja hawezi kumeza kapsuli. Ukiagiza kwa namba bila umbo, wodi ya watoto itapokea maboksi yasiyowafaa. Kwa hiyo kila umbo liwe na mstari wake, maumbo yafuate mpangilio mmoja kitabu kizima, na nguvu zianze ndogo kwenda kubwa.

Kupanga hivi hufichua pia maamuzi ambayo kamati haikuyafanya. Amoksilini ya maji huuzwa kwa nguvu ya 125 mg katika 5 ml na pia 250 mg katika 5 ml. Zikikaa mistari miwili mfululizo, swali linajitokeza lenyewe: je, tunazihitaji zote mbili? Mama aliyeambiwa ampe mwanawe 5 ml, kisha mara ya pili akapewa chupa yenye nguvu nyingine, atampa mtoto nusu ya dozi au dozi maradufu bila kujua. Hospitali nyingi zingefanya vyema kuchagua moja na kuifuta nyingine.

Sehemu ya tatu ya mstari ni masharti, na hapa ndipo orodha nyingi zinapoharibika, kwa sababu huchanganya vitu viwili. Kuna onyo la usalama, ambalo humhusu mgonjwa: benzathini ni ya msuli tu, seftriaksoni isichanganywe na maji ya mshipani yenye kalsiamu kama Ringa laktati, na isipewe mtoto mchanga mwenye manjano. Na kuna ruhusa, ambayo humhusu mwandishi wa cheti: nani anaweza kuiandika, katika ngazi gani. Orodha ya taifa ya Tanzania huonyesha ngazi kwa herufi, A ikiwa ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, na kuendelea juu. Onyo halina msamaha hata kwa bingwa. Ruhusa ina msamaha, nao lazima uandikwe.

Chukua meropenemu. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika mafungu matatu: za kutumiwa kwanza, za kuangaliwa kwa karibu, na za akiba. Amoksilini na jentamisini zimo katika la kwanza. Seftriaksoni na meropenemu katika la pili. Kwa meropenemu, kamati inaweza kudai saini ya daktari bingwa na kipimo cha kuotesha vimelea. Ni sharti la haki, kwani usugu wa vimelea huongezeka dawa hizi zikitumiwa ovyo. Lakini likiachwa hivyo hivyo, mgonjwa aliyezidiwa saa nane usiku atasubiri saini huku maambukizi yakimlemea. Mstari uliokamilika utasema hivi: dozi ya kwanza isicheleweshwe, idhini itafutwe kabla ya dozi zinazofuata kuendelea. Kisha rejista ya famasia ioneshe jina la aliyeidhinisha. Ukifungua rejista ukakuta vichupa vimetoka wiki nzima bila jina hata moja, ujue sharti limebaki kwenye karatasi.

Baadhi ya dawa zinadai kukaa sehemu mbili. Metronidazoli huua bakteria wasiohitaji hewa, na pia huua amiba. Ikiandikwa kwa ukamilifu katika makundi yote mawili, siku kamati itakapobadilisha nguvu au sharti, mstari mmoja utarekebishwa na wa pili utasahauliwa, na orodha itaanza kujipinga. Dawa iwe na makao mamoja; mahali pengine paandikwe jina lake na ukurasa wa kuendea tu.

Mwishoni mwa kitabu pawe na faharasa inayokubali majina yote ambayo watu huyatumia. Anayeijua Flagyl aelekezwe metronidazoli, anayeijua Septrin aelekezwe mchanganyiko wa salfamethoksazoli na trimethoprimu, na X-pen ielekeze benzilipenisilini pekee. Faharasa hiyo ndiyo mahali pekee ambapo alfabeti inatawala dawa zote kwa pamoja, na kwa kuwa haina nguvu wala dozi, hakuna anayeweza kuandika cheti kwa kuitazama yenyewe.

Kabla ya kuchapisha, mpe rasimu mtu ambaye hakushiriki kuiandika: muuguzi wa zamu ya usiku, daktari aliye mafunzoni, mtoa dawa wa dirishani. Mwambie ampisilini imekwisha, atafute mbadala wa mtoto mchanga, asome kwa sauti nguvu, umbo na njia ya kuitoa. Akisita kati ya mistari miwili ya benzilipenisilini, usimfundishe jibu. Rudi kwenye ukurasa uupange upya, kwa sababu siku ya dharura hutakuwepo kumweleza.