Roketi Inaposomwa kwa Sauti

Anayefungua mradi wa programu huria kwenye GitHub hukutana kwanza na README, faili linaloeleza programu ni ya nini, inasakinishwaje na mtu aulize wapi akikwama. Faili nyingi za aina hii sasa zimejaa emoji: roketi mbele ya maelezo ya kusakinisha, vimetameta mbele ya orodha ya sifa, tiki ya kijani katika kila safu ya jedwali. Kwa macho, alama hizo zina kazi yake. Anayepitia ukurasa mrefu kwa haraka huiona pembetatu ya tahadhari kabla hajasoma neno hata moja.

Lakini si kila msomaji anasoma kwa macho. Wasioona hutumia kisoma skrini, yaani programu inayotamka kilichoandikwa: NVDA kwenye Windows, ambayo hutolewa bure, VoiceOver kwenye vifaa vya Apple, TalkBack kwenye simu za Android. Programu hizo hupokea emoji kama herufi nyingine yoyote, yenye namba yake. Roketi ni U+1F680. Jina la kutamkwa mara nyingi hutoka katika orodha inayotunzwa na muungano wa Unicode, iliyotafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Shida ni kwamba jina hilo hueleza umbo la picha, wala halijui mwandishi alikusudia nini.

Tuchukue kipande hiki, kinachofanana na vingi vilivyoko GitHub:

```
## 🚀 Kusakinisha
⚡ Ina kasi
🔒 Ni salama
📦 Ni nyepesi
```

Mtumiaji wa NVDA hubonyeza H ili aruke kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Hapa atasikia "roketi" kabla ya neno alilokuwa analitafuta. Kichwa kimoja hakichoshi. Vikiwa kumi na viwili, kila kimoja na picha yake mbele, sikio linasubiri mara kumi na mbili, ilhali mwenye macho hakusubiri hata mara moja.

Mistari mitatu ya chini ina kasoro kubwa zaidi. Mwandishi ametumia emoji badala ya kistari cha orodha, na kwa kuwa hakuna kistari, GitHub huiunganisha yote mitatu kuwa aya moja. Kisoma skrini hakitangazi kwamba kuna orodha ya vitu vitatu, kinatiririsha tu. Na ile radi ya "Ina kasi" jina lake la Kiingereza katika orodha ya Unicode lina maana ya umeme wa volti kubwa. Aliyeandika alitaka kusifu kasi, msikilizaji anapewa onyo la mafundi wa umeme.

Hata wanaoona vizuri hupata hasara, hasa kwenye viungo vya ndani. GitHub hutengeneza anwani ya kila kichwa kutokana na maneno yake: hufuta emoji, na nafasi iliyobaki huigeuza kistari. Kichwa chetu kinapata anwani `#-kusakinisha`. Aliyeandika yaliyomo juu ya ukurasa na kuweka `#kusakinisha` ana kiungo kisichompeleka mtu popote, wala hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Atagundua siku atakapokibofya mwenyewe.

Majedwali nayo yanahitaji uangalifu. Duara la kijani na duara jekundu huweza kufanana kwa asiyetofautisha rangi hizo. Tiki peke yake haisemi kama programu imejaribiwa, inaruhusiwa au imekamilika, na anayetafuta neno "inafanya kazi" kwa Ctrl+F hataipata.

Si lazima emoji zifutwe zote. Zinachohitaji ni kukaa baada ya neno na kutobeba maana peke yake:

```
## Kusakinisha 🚀
- Ina kasi
- Ni salama
- Ni nyepesi

| Mfumo   | Hali              |
|---------|-------------------|
| Windows | Inafanya kazi ✅  |
| macOS   | Bado inajaribiwa  |
```

Sasa kichwa kinaanza na neno lake, na anayeruka kwa H anaweza kusonga mbele kabla roketi haijatamkwa. Anwani ya kichwa bado inabeba kistari, safari hii mwishoni: `#kusakinisha-`. Kwa hiyo, kwenye vichwa vinavyounganishwa na yaliyomo, ni bora emoji isiwepo kabisa. Kwa tahadhari, GitHub ina alama ya `> [!WARNING]`, ambayo huweka picha pamoja na neno lenyewe.

Kupima hakuhitaji kununua chochote. Kwenye Windows, Ctrl, kitufe cha Windows na Enter vikibonyezwa pamoja huwasha Narrator. Kwenye Mac, Command na F5 huwasha VoiceOver. Mwandishi azime skrini, asikilize README yake tangu mstari wa kwanza, na ajaribu kuifikia amri ya kusakinisha kwa masikio tu.