Asilimia ya Kongo inapochelewa

Anayerekodi Maulidi ya Kasongo au harusi ya Kabambare, huko Maniema, na kuiweka YouTube ana masoko mawili, na masoko hayo hayalipi sawa. La kwanza liko karibu: muuza vitambaa, mwenye boti za Lualaba, fundi wa sola wa Nyangwe, watu wanaotaka kutangaza kwa wanaoweza kufika dukani kwao. La pili liko mbali. Kiswahili kilichoingia Nyangwe na misafara ya karne ya 19 kinasemwa leo na Wakongo waliosambaa kwa vita, kuanzia kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, iliyofunguliwa 1996, hadi miji ya Marekani. Mwenye duka Kasongo akiombwa dola 50 za tangazo, ana haki ya kuuliza ni wangapi kati ya watazamaji wako Kongo. Jibu analopewa kwa kawaida ni picha ya skrini ya ripoti ya nchi, ikionyesha asilimia ya Kongo tu. Kwa asilimia hiyo tangazo hupata bei au hukosa, na mara nyingi iko nyuma ya utazamaji wenyewe.

Ripoti hiyo hufunguliwa katika YouTube Studio, sehemu ya `Analytics`, halafu `Audience`, ambako kuna kadi ya nchi. Ukizama zaidi unapata jedwali la `Geography` lenye mstari wa kila nchi na mstari wa jumla juu yake. Hesabu ya nchi haipatikani papo hapo. Idadi ya mara video zilivyotazamwa katika saa 48 zilizopita huonekana mapema kwenye kadi ya `Realtime`, lakini mgawanyo wa nchi husubiri uchakatwe, na kwa kawaida huchukua kama siku mbili. Isitoshe, siku ya ripoti hukatwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa saa za Maniema siku hiyo huanza saa tatu asubuhi, au saa nne asubuhi Marekani ikiwa katika saa za majira ya baridi. Maulidi ikisomwa usiku wa Ijumaa na watu wakaitazama hadi alfajiri ya Jumamosi, yote huandikwa Ijumaa.

Kuchelewa kwa siku mbili si kitu kikubwa. Kinachovuta asilimia nyuma zaidi ni dirisha la siku 28, ambalo Studio hulifungua yenyewe usipochagua jingine. Tuchukue mfano wa kukadiria. Chaneli inatazamwa mara 1,000 kwa siku, na kati ya hizo 100 ni za Kongo. Kisha inawekwa video ya harusi kubwa ya Kabambare, watu wa nyumbani wanaifuata, na kwa wiki nzima Kongo inatoa 400 kati ya 1,000. Ukweli wa wiki hiyo ni asilimia 40. Mwisho wa wiki mwenye chaneli anafungua ripoti. Siku mbili za mwisho bado hazijaingia, kwa hiyo dirisha lina siku 23 za zamani na siku 5 mpya: 2,300 jumlisha 2,000, yaani 4,300 kati ya 28,000. Ripoti inasema asilimia 15.4. Akichagua siku 7, anapata siku 2 za zamani na 5 mpya, 2,200 kati ya 7,000, yaani asilimia 31.4. Akichagua muda wote wa chaneli, iliyokwisha kutazamwa mara 300,000 huku Kongo ikiwa na sehemu ya kumi, wiki hiyo karibu haionekani kabisa.

Majibu yote matatu yanatoka ndani ya ripoti moja na hakuna la uongo. Lakini mwenye duka aliyepewa 15.4 amenunua wastani wa mwezi wakati alitaka kujua wiki hii. Ndiyo maana nasisitiza picha ya skrini ionyeshe tarehe. Picha iliyokatwa tarehe haifai kupangia bei.

Kuna kosa jingine, na hili huwaumiza wenye chaneli wenyewe. Asilimia ya Kongo inaweza kushuka bila Mkongo hata mmoja kuacha kutazama. Video ikienea Marekani, kutoka 300 kwa siku hadi 1,500, jumla inapanda kutoka 1,000 hadi 2,200. Kongo inabaki na 400 zake, lakini asilimia yake inaanguka kutoka 40 hadi 18. Anayesoma asilimia peke yake atadhani soko la nyumbani limekufa na atashusha bei ya tangazo la Kasongo, ilhali wateja wa Kasongo ni walewale. Katika jedwali, soma kwanza safu ya `Views` kwa idadi, wiki kwa wiki, ndipo utazame asilimia.

Tena jumlisha mistari ya nchi zote na uilinganishe na mstari wa jumla. Mara nyingi haitimii, kwa sababu hesabu ndogo hufichwa na baadhi ya watazamaji hawatambuliki nchi yao. Hao wamo ndani ya jumla lakini hawamo katika mstari wowote, hivyo asilimia ya kila nchi inashushwa kidogo. Pengo likiwa kubwa, usimuuzie mtu desimali.

Nchi yenyewe hukisiwa kwa anwani ya IP, na hapo Kongo ya mashariki hupoteza watu wake. Serikali ilipozima intaneti baada ya uchaguzi, tangu mwisho wa Desemba 2018 hadi Januari 2019, na mitandao ya kijamii ilipofungwa nyakati nyingine, wengi walijifunza kutumia VPN. Mwenye VPN yuko Kasongo, lakini ripoti inamhesabu kwenye nchi ya seva. Mwenye laini ya Rwanda akiwa Goma huingia mstari wa Rwanda. Misheni au shirika linalopata intaneti ya satelaiti huweza kuingia mtandaoni kupitia kituo cha Ulaya. Ukiona nchi ambayo huna ndugu wala mteja ikipanda ghafla katika wiki ambayo Kongo imeshuka, huku jumla ikibaki palepale, shuku VPN kwanza.

Kisha kuna wasiohesabiwa popote. Mega ni ghali, kwa hiyo mmoja anapakua na wengine wanarushiwa kwa Bluetooth au Xender, au wananakili kwenye memori kadi. Video inatazamwa katika nyumba kumi na ripoti inaona mara moja. Wakongo wa ng'ambo wenye intaneti ya nyumbani hutazama moja kwa moja na huhesabiwa kila mara. Hapa muda hauponyi chochote. Usubiri wiki au mwaka, nakala hizo hazitaingia.

Kwa tangazo la nyumbani, njia ninayoiamini ni namba ya simu ndani ya picha yenyewe. Mwenye duka aweke katika video namba ya +243 asiyoitangaza mahali pengine, kwa maandishi makubwa yanayosomeka hata ubora ukiwa wa 144p, na ibaki skrini nzima kwa sekunde kadhaa. Namba iliyochomwa ndani ya picha huenda na nakala kila inakorushwa. Maelezo yaliyo chini ya video hubaki YouTube. Kila anayepiga aulizwe yuko wapi na aliona kwenye simu ya nani. Baada ya wiki mbili weka daftari hilo kando ya jedwali la `Geography` la siku zilezile. Simu za Kongo zikizidi kuongezeka huku mstari wa Kongo umelala, mwenye chaneli ana hoja ya kudai bei ya juu. Mstari ukipanda na simu hazilii, mwenye duka ndiye mwenye hoja.