Notisi mbili: kuwaarifu wafanyakazi kwamba kazi huenda zikapungua

Mwajiri wa Kenya anayekusudia kupunguza wafanyakazi hutoa notisi mbili. Ya kwanza hueleza kusudio: kuna sababu hii, nafasi za aina hii huenda zikaondolewa, na mazungumzo yanaanza. Ya pili hutolewa baada ya mazungumzo kwisha, nayo humwambia mtu mmoja mmoja kwamba nafasi yake imeondolewa. Mwajiri akizichanganya, mfanyakazi hupokea uamuzi uliokwisha kukatwa huku akiitwa aje kuujadili.

Msingi wa utaratibu huu ni kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu hicho kinamtaka mwajiri kueleza sababu na ukubwa wa upunguzaji angalau mwezi mmoja kabla. Aliye mwanachama wa chama cha wafanyakazi huarifiwa kupitia chama chake. Asiye mwanachama huandikiwa barua yake mwenyewe. Katika hali zote mbili, afisa wa kazi wa eneo hupewa taarifa. Mwaka 2014, katika kesi ya Kenya Airways iliyotokana na upunguzaji wa mwaka 2012, Jaji David Maraga wa Mahakama ya Rufaa alieleza kwamba notisi ya kwanza ndiyo inayofungua mashauriano ya kuepusha au kupunguza idadi ya watakaoondoka, na kwamba barua za kuwaachisha watu kazi hufuata mashauriano hayo yakishamalizika.

Utaratibu huu unaonekana vizuri katika mfano wa kubuni wa Muhuru Bay, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria huko Nyatike, Kaunti ya Migori. Biashara moja hununua mbuta kwa wavuvi na kutengeneza barafu ya kuhifadhia samaki. Ina wafanyakazi 18, na tisa kati yao hufanya kazi kwenye mtambo wa barafu. Mtambo umechakaa, gharama ya umeme imezidi mapato ya barafu, na mwenye biashara anafikiria kuuzima ili barafu iletwe kwa lori kutoka mjini Migori. Watu watatu wangetosha kuipokea na kuigawa. Kwa hiyo nafasi sita zimo hatarini.

Habari za namna hii hazifichiki ufuoni. Fundi anayetoka mjini kuja kupima mtambo kwa ajili ya kuuhamisha huonwa na wapakiaji alfajiri, na kabla ya jua kuwa kali wavuvi wameshaambiana kwamba barafu inafungwa. Ndiyo maana inafaa barua zote zikabidhiwe siku moja, tuseme Jumatatu tarehe 2 Machi, na zamu ya usiku iarifiwe kabla haijaenda nyumbani, isije ikazisikia habari hizo kwa zamu ya mchana. Barua ikiandikwa kwa Kiingereza, yaliyomo yaelezwe kwa Kiswahili na Kijaluo papo hapo, mbele ya wote.

Barua hiyo ya kwanza haina haja ya kuwa ndefu. Kiini chake kingeweza kusomeka hivi: “Tunafikiria kuuzima mtambo wa barafu kwa sababu mapato yake hayalipi tena gharama ya umeme. Tukiuzima, nafasi sita kati ya tisa za mtamboni huenda zikaondolewa. Bado hatujaamua ni nani. Tutakutana nanyi tarehe 9, 16 na 23 Machi kusikiliza mapendekezo. Kila mmoja ataelezwa uamuzi kwa maandishi Jumanne tarehe 7 Aprili.” Nakala hupelekwa kwa afisa wa kazi siku hiyo hiyo, na mwajiri hubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa.

Neno zito kuliko yote humo ni “huenda”, nalo lina uzito iwapo tu ni kweli. Orodha ya majina sita ikiwa tayari imefungiwa kwenye droo tarehe 2 Machi, mikutano mitatu ni maigizo, na hilo hugundulika kwa urahisi: majibu ya mwajiri hayabadiliki, hesabu za umeme hazionyeshwi, na mapendekezo hayaandikwi popote. Kosa la upande wa pili ni kuwatuliza watu kwa kusema hakuna atakayeguswa. Mtu aliyeambiwa hivyo huchukua mkopo wa karo ya shule, na mwezi wa pili anajikuta na deni bila kazi. Anayeulizwa “Je, mimi nimo?” na hajui, jibu lake la kweli ni kwamba bado haijaamuliwa, na kwamba itajulikana tarehe 7 Aprili. Tarehe hiyo ikisogezwa, sababu itolewe kabla haijafika.

Mashauriano yanaweza kubadilisha idadi yenyewe. Katika mfano huu, fundi mmoja anaonyesha kwamba mtambo ukiwashwa usiku pekee nafasi mbili zitabaki, na mlinzi mmoja anayekaribia kustaafu anakubali kuondoka kwa hiari, hivyo mmoja wa mtamboni anahamia lindoni. Sita wanakuwa watatu. Hao watatu huchaguliwa kwa vigezo vinavyotajwa na sheria: muda mtu aliotumikia, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwake. Inafaa vigezo hivyo vitangazwe mapema, na kila mmoja aonyeshwe jinsi alivyopimwa. Aliyeajiriwa mwisho si lazima awe wa kwanza kuondoka, ila mwajiri anayemwacha mwenye miaka kumi na kumbakiza mwenye miwili awe na maelezo yaliyoandikwa.

Wapo pia vibarua wanaolipwa kwa siku, na hapa ndipo waajiri wengi wa ufuoni hukosea. Chini ya kifungu cha 37, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Mpakiaji aliyelipwa kila jioni kwa miaka minne hapaswi kuachwa nje ya notisi eti kwa kuwa hana barua ya ajira.

Notisi ya pili, ya tarehe 7 Aprili, hutaja siku ya mwisho ya kazi, angalau mwezi mmoja mbele, au mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Ndani yake hesabu ya malipo huandikwa wazi. Mfanyakazi anayepata shilingi 30,000 kwa mwezi, mwenye miaka sita na miezi minane kazini, huhesabiwa miaka sita iliyokamilika. Sheria inampa malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka, yaani siku 90. Mwezi ukigawanywa kwa siku 30, siku moja ni shilingi 1,000 na malipo ni shilingi 90,000. Ukigawanywa kwa siku 26 za kazi, yanafika karibu shilingi 103,800. Tofauti hiyo ni karibu nusu ya mshahara, kwa hiyo barua itaje kigawanyo kilichotumika na itumie hicho hicho kwa wote. Siku za likizo ambazo hakuzichukua hulipwa kwa fedha taslimu, na siku alizofanya kazi hulipwa kama kawaida. Siku ya mwisho hukabidhiwa pia cheti cha utumishi, kinachoonyesha kazi aliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza.